Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Barua ya Kuomba Nyongeza ya Mshahara kwa Ushahidi wa Majukumu Yaliyoongezeka na Viwango vya Soko la Ajira

Kazi yangu imeongezeka sana. Je, hiyo peke yake haitoshi kuwa sababu ya kuomba nyongeza?

Mara nyingi haitoshi, na hapa ndipo barua nyingi zinapokwama. Kazi huongezeka kwa namna mbili ambazo mwajiri huziona kwa macho tofauti. Ya kwanza ni wingi, yaani kazi ileile uliyokuwa ukiifanya sasa inakuja kwa idadi kubwa zaidi. Ya pili ni uzito, yaani umebebeshwa maamuzi, dhamana au usimamizi ambao awali ulikuwa wa mtu mwingine mwenye cheo cha juu kuliko chako. Ukimwonyesha mwajiri wingi peke yake, jibu lake la kawaida ni kukutafutia msaidizi, kukulipa saa za ziada au kukupunguzia kazi. Mshahara wa kudumu hufuata uzito, kwa sababu hupangwa kulingana na aina ya kazi, hata pale ambapo saa za mfanyakazi hazijabadilika.

Kwa hiyo barua yenye nguvu hujenga hoja katika hatua mbili zinazoshikana. Ushahidi wa majukumu unathibitisha kwamba kazi unayoifanya leo si ile iliyopangiwa mshahara unaoupokea. Ushahidi wa soko unaonyesha kazi hiyo ya leo inalipwa kiasi gani kwingineko. Hatua ya kwanza ikikosekana, takwimu za soko hubaki kuwa malalamiko kwamba wengine wanalipwa vizuri. Ya pili ikikosekana, mwajiri anaweza kukubali kwamba umeelemewa, akakushukuru, na mambo yakaishia hapo.

Ukuaji wa kazi upimwe kuanzia lini?

Uanzie tarehe ambayo mshahara wako ulipangwa mara ya mwisho kwa kuzingatia majukumu yako. Tarehe hiyo inaweza kuwa ya kuajiriwa, ya kupandishwa cheo au ya mapitio ya mkataba. Nyongeza ya jumla inayotolewa kwa wafanyakazi wote kila mwaka haihesabiki hapa, kwa kuwa haikugusa aina ya kazi. Wengi huanza kuhesabu tangu siku walipoajiriwa, hata kama walikwishapandishiwa mshahara baadaye. Msomaji makini wa idara ya rasilimali watu huliona kosa hilo mapema, kwa sababu sehemu ya ukuaji huo ilikwishalipwa, naye akishalibaini hata takwimu zako zilizo sahihi huanza kuzitilia shaka.

Linganisha pia miezi inayofanana. Kama kazi yako hupanda mwishoni mwa mwaka, usiweke mwezi tulivu wa miaka miwili iliyopita kando ya mwezi wa pilikapilika wa mwaka huu. Chukua miezi mitatu ya wakati ule na miezi mitatu ileile ya sasa, kisha uandike kwenye barua kwamba ndivyo ulivyofanya.

Ni ushahidi gani wa kazi unaoaminika zaidi?

Ni kumbukumbu zilizotengenezwa na shughuli yenyewe, kabla wewe hujawaza kuomba nyongeza. Rejesta, orodha za malipo, hati za makabidhiano, baruapepe ya mkuu wako inayosema "kuanzia mwezi huu utashughulikia jambo hili", na hati ya maelezo ya kazi uliyosaini ulipoanza vinatosha kwa watu wengi. Daftari la saa ulilolianzisha wiki tatu kabla ya kuandika barua lina thamani ndogo, kwa kuwa msomaji anajua limeandaliwa kwa ajili ya hoja.

Chombo rahisi ninachokipendekeza ni jedwali la safu mbili. Kushoto nakili majukumu ya hati yako ya awali neno kwa neno, kulia andika hali ya leo. Mistari ambayo upande wa kushoto ni mitupu ndiyo kiini cha barua yako, kwani hayo ni majukumu ambayo hayakuwamo kabisa mshahara ulipopangwa.

Naomba mfano unaoonyesha takwimu hizi zinavyopatikana.

Tumchukue ofisa anayeandaa mishahara katika taasisi ya ukubwa wa kati. Mshahara wake ulipangwa miaka miwili iliyopita, wakati taasisi ilipokuwa na wafanyakazi 120 katika kituo kimoja. Leo kuna wafanyakazi 210 katika vituo viwili. Mhasibu mwandamizi aliyekuwa akikagua orodha ya mishahara na kuiidhinisha kabla haijapelekwa benki aliondoka miezi 11 iliyopita, na nafasi yake haikujazwa. Tangu wakati huo ofisa huyu ndiye anayefanya ukaguzi wa mwisho, anayewasilisha makato ya kodi na ya hifadhi ya jamii, na anayemsimamia karani mmoja.

Rasimu yake ya kwanza ilisema kwamba kazi imeongezeka kwa asilimia 75, kwa sababu wafanyakazi wametoka 120 hadi 210. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini matumizi yake ni ya hatari. Kuandaa orodha ya mwezi kulikuwa kunamchukua siku tatu za saa nane, yaani saa 24, na sasa kunachukua siku nne, yaani saa 32. Muda umeongezeka kwa theluthi moja tu. Mkuu wake anazijua siku hizo nne, hivyo akiona asilimia 75 ataona imetiwa chumvi.

Akiigeuza hoja, inampa nguvu zaidi. Saa 24 kwa watu 120 ni dakika 12 kwa kila mfanyakazi, na saa 32 kwa watu 210 ni dakika tisa na kidogo. Ametengeneza lahajedwali inayokagua makato yenyewe, na kwa hiyo taasisi imekua bila kulazimika kuajiri mtu wa pili wa mishahara. Rejesta ya marekebisho inaonyesha pia kwamba makosa yaliyogunduliwa baada ya malipo yalikuwa sita kwa mwezi wakati wa watu 120, na sasa ni matano kwa watu 210. Idadi hiyo ya makosa haipaswi kuachwa nje, kwa maana kazi iliyoongezeka huku makosa yakiongezeka nayo humfanya mwajiri ajiulize kama mtu huyu anaimudu.

Hata hivyo, takwimu hizo zote bado ni za wingi. Kilichobadilisha kazi yenyewe ni yale majukumu matatu ya mhasibu aliyeondoka: idhini ya mwisho, uwasilishaji wa makato na usimamizi wa karani. Aya yake ya pili, baada ya kuandikwa upya, ilisomeka hivi:

> "Tangu mshahara wangu ulipopangwa, idadi ya wafanyakazi ninaowaandalia malipo imetoka 120 hadi 210. Aidha, kwa muda wa miezi 11 sasa nimekuwa nikitekeleza majukumu matatu ambayo hayamo katika hati yangu ya maelezo ya kazi na ambayo awali yalikuwa ya mhasibu mwandamizi: kukagua na kuidhinisha orodha ya mwisho ya malipo, kuwasilisha makato ya kisheria kila mwezi, na kumsimamia karani wa mishahara. Jedwali la ulinganisho limeambatanishwa."

Angalia kwamba aya hiyo haina neno "bidii" wala "kujitolea". Barua yangu ya kwanza ya aina hii, miaka mingi iliyopita, ilikuwa na maneno hayo mara tano katika ukurasa mmoja, nami nilijibiwa kwa barua nzuri ya pongezi isiyo na hata senti moja ndani yake.

Mwajiri akisema mzigo huu ni wa muda tu?

Huo ndio upinzani wa kwanza utakaoupata, na afadhali uujibu kabla haujatolewa. Taja muda ambao majukumu hayo yamedumu, na useme wazi kama kuna mtu aliyepangwa kuyachukua. Miezi 11 bila tangazo la kujaza nafasi ni ushahidi wa kutosha kwamba mpango wa muda umegeuka kuwa wa kudumu. Lakini kama unamshikia mwenzako aliye likizo ya uzazi au masomoni, hoja sahihi ni posho ya kukaimu, na kuomba mshahara wa kudumu kwa kazi itakayorudi kwa mwenyewe baada ya miezi minne kutakupunguzia heshima bila sababu.

Takwimu za soko nizitafute wapi?

Kuna vyanzo vitatu vya kawaida, na kila kimoja kina kasoro yake. Matangazo ya nafasi za kazi yanayotaja mshahara yanapatikana kwa urahisi na yana tarehe, ila yanaonyesha kile ambacho waajiri wako tayari kumpa mtu mpya, wala si kile wanachowalipa waliopo. Tafiti za mishahara zinazofanywa na kampuni za ushauri au vyama vya kitaaluma hukusanya malipo halisi kutoka kwa waajiri, na idara za rasilimali watu huziheshimu zaidi, lakini nyingi huuzwa na baadhi huchelewa kutoka. Tovuti ambazo watu hujaza mishahara yao wenyewe zinasaidia kupata picha ya jumla, ingawa hakuna anayehakiki kilichoandikwa na vyeo vinavyotajwa humo havina maelezo.

Kwa mfanyakazi wa kawaida, matangazo sita hadi kumi yaliyochaguliwa kwa uangalifu yana uzito kuliko wastani mmoja uliochukuliwa mtandaoni bila maelezo, kwa sababu msomaji anaweza kuyakagua moja baada ya jingine. Hifadhi nakala ya kila tangazo siku unapolipata, maana mengi huondolewa nafasi ikijazwa.

Nitajuaje kwamba kazi ninayoilinganisha inafanana na yangu?

Usiangalie cheo, angalia majukumu. Kuna taasisi ambako "meneja" hana mtu hata mmoja chini yake, na kuna nyingine ambako "ofisa" anasimamia watu wanane. Tangazo linalofaa ni lile ambalo majukumu yake makuu, tuseme saba katika kila kumi, unayafanya leo, kwa mwajiri asiyetofautiana mno na wako kwa ukubwa na katika soko lilelile la ajira. Mshahara wa jiji kubwa hauthibitishi chochote kuhusu mji mdogo, wala malipo ya shirika la kimataifa hayaihusu sana kampuni ya watu 50.

Hakikisha pia kwamba unalinganisha vitu vya aina moja. Matangazo mengine hutaja mshahara wa mwaka, mengine wa mwezi. Mengine hutaja mshahara ghafi, mengine kile kinachobaki baada ya makato. Mengine hujumlisha posho ya nyumba na usafiri ndani ya kiasi kimoja. Geuza kila kitu kiwe mshahara wa msingi wa mwezi kabla ya makato. Tangazo lisilokuwezesha kufanya hivyo liache, hata kama kiasi chake kinavutia.

Nikishayapata matangazo hayo, nahesabuje?

Turudi kwa ofisa wetu. Alipata matangazo tisa. Aliondoa moja lililokuwa la kazi ya ushauri ya muda mfupi, jingine lililodai kusimamia watu watano, na la tatu ambalo halikuwa na tarehe. Yakabaki sita. Kila tangazo lilitaja kiwango cha chini na cha juu, naye akachukua katikati ya viwango hivyo, kwa kuwa kiwango cha juu cha tangazo hulipwa kwa nadra na kukitumia kungekuwa kujidanganya.

Ili asichanganyikiwe na fedha, aliuhesabu mshahara wake kuwa 100 na mengine yote akayapima kwa kipimo hicho. Alipata 104, 110, 115, 118, 124 na 140. Wastani wake ni 118.5, lakini ile 140 iko mbali na wenzake na inauvuta wastani juu. Namba ya katikati, inayopatikana kwa kuyapanga yote kwa mfuatano na kuchukua kati ya la tatu na la nne, ni 116.5. Hiyo ndiyo aliyoitumia. Tofauti na wastani ni ndogo, lakini anayechagua namba isiyompendelea huaminiwa katika mambo mengine pia.

Njia nyingine ya kulisema hilo, ambayo wataalamu wa mishahara wameizoea, ni kugawa mshahara wako kwa kiwango hicho cha katikati. Mia moja ikigawanywa kwa 116.5 inatoa takriban asilimia 86. Kwa lugha ya kawaida, analipwa asilimia 86 ya kile ambacho soko linatoa kwa kazi anayoifanya sasa.

Niombe kiasi maalumu au niache mwajiri apendekeze?

Taja kiasi. Maneno kama "nyongeza inayostahili" humwachia mwajiri kazi ya kufikiri ambayo ni yako, na mara nyingi humpa nafasi ya kutoa kidogo. Ofisa wetu aliomba kufikia 115, chini kidogo ya katikati ya soko, kwa maelezo kwamba matangazo huonyesha malipo ya mtu mpya na kwamba anaitambua tahadhari hiyo. Akaongeza kwamba, bajeti isiporuhusu, yuko tayari kupokea 108 sasa na 115 baada ya miezi sita.

Hapo kuna mtego mdogo. Ukiandika "asilimia 8 sasa na asilimia 7 baadaye", haijulikani kama asilimia hiyo saba ni ya mshahara wa zamani au wa mpya. Ikihesabiwa juu ya 108, utafikia takriban 115.6 badala ya 115. Tofauti si kubwa, ila ni ya aina inayozua mabishano miezi sita baadaye, wakati mkuu aliyekubali huenda keshahama. Andika kiasi cha fedha chenyewe kwa kila hatua, pamoja na tarehe ya kuanza.

Je, nitaje kupanda kwa gharama za maisha, ada za watoto au kodi ya nyumba?

Hapana. Mahitaji binafsi hayabadilishi kazi. Mfumuko wa bei ni hoja halali, lakini unawagusa wafanyakazi wote, na ukiuingiza unampa mwajiri mwanya wa kukujibu kwamba suala hilo litaangaliwa kwa pamoja katika nyongeza ya mwaka.

Na mshahara wa mwenzangu anayelipwa zaidi yangu?

Usimtaje kwa jina wala kwa cheo kinachomtambulisha. Mazungumzo yatahama kutoka kwenye kazi yako na kwenda kwenye namna ulivyopata taarifa hizo. Ukiamini kwamba kuna ubaguzi katika malipo, hilo ni lalamiko lenye utaratibu wake, tena lenye hoja tofauti, na lisichanganywe na barua hii.

Vipi kama nimepewa kazi na mwajiri mwingine?

Itaje ikiwa tu ni ya kweli, imeandikwa, na wewe uko tayari kuondoka jioni hiyohiyo ukiambiwa "nakutakia heri". Wapo wanaoambiwa hivyo.

Barua iwe na urefu gani, na iende kwa nani?

Ukurasa mmoja, na kiambatisho cha ukurasa mmoja au miwili chenye jedwali la majukumu na orodha ya matangazo. Ielekeze kwa mkuu wako wa moja kwa moja, lakini iandike ukimfikiria mtu wa tatu. Mkuu wako anaijua kazi yako. Anayeamua mara nyingi ni mtu wa fedha au wa rasilimali watu ambaye hajawahi kukuona ukifanya kazi, na atakachokuwa nacho mezani ni karatasi yako tu. Kila sentensi inayohitaji "kama unavyofahamu" ili ieleweke inapaswa kuandikwa upya.

Mpangilio unaofaa ni ombi na kiasi katika aya ya kwanza, majukumu yaliyobadilika katika ya pili, soko katika ya tatu, na pendekezo la hatua pamoja na ombi la kikao katika ya nne. Wengi wetu tumelelewa kuanza na salamu ndefu na shukrani kabla ya kufikia shida, na katika mazungumzo hiyo ni adabu njema. Katika barua hii, sentensi moja ya shukrani inatosha. Aya ya soko ya ofisa wetu ilikuwa fupi:

> "Nimelinganisha majukumu yangu ya sasa na matangazo sita ya kazi yaliyotolewa ndani ya miezi sita iliyopita, yote yakigeuzwa kuwa mshahara wa msingi wa mwezi kabla ya makato. Kiwango cha katikati kinazidi mshahara wangu kwa takriban asilimia 16. Matangazo matatu niliyoyaacha, na sababu za kuyaacha, yameorodheshwa katika kiambatisho."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, maana huonyesha kwamba hujaficha kitu.

Niipeleke wakati gani?

Kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa, na si wiki ile inapofungwa. Waulize watu wa fedha lini idara huwasilisha makadirio yake, kisha upeleke barua mwezi mmoja au miwili kabla ya hapo. Barua nzuri iliyofika baada ya bajeti kupitishwa hujibiwa kwa kuahirishwa.

Nikijibiwa kwamba hakuna fedha?

Uliza kwa maandishi ni lini suala litaangaliwa tena na ni nini kinapaswa kuwa kimebadilika kufikia wakati huo. Omba pia yale ambayo hayahitaji fedha nyingi: hati ya maelezo ya kazi irekebishwe ilingane na hali halisi, na cheo kifuate. Hati mpya ina faida kuliko inavyoonekana, kwa sababu mapitio yajayo yataanza na majukumu yaliyokwisha kukubaliwa na hutalazimika kuyathibitisha upya. Ukikataliwa hata hilo, ni haki kuuliza ni majukumu gani kati ya yaliyoongezwa yatarudishwa kwingine. Uliza kwa utulivu, bila kutishia, kisha usubiri jibu.

Nikikubaliwa, kuna jambo lililobaki?

Pata barua rasmi yenye kiasi kipya, tarehe ya kuanza na cheo, hata kama umeahidiwa kwa mdomo na mtu unayemwamini. Halafu kagua hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza, mstari wa mshahara wa msingi. Wakati mwingine nyongeza huingizwa kama posho, na mahali ambapo kiinua mgongo, michango ya uzeeni au malipo ya saa za ziada huhesabiwa kutokana na mshahara wa msingi, posho hiyo haitavigusa. Ukiona hivyo, au ukiona tarehe ya kuanza imesogezwa mbele na malimbikizo hayakulipwa, andika mwezi huohuo ukiambatanisha barua ya kukubaliwa.